Deni Lisilotajwa Jina: Istilahi za Benki katika Tangazo kwa Wateja wa Garissa

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulihakiki tangazo la benki kwa wateja wake kama mhakiki anavyolihakiki andiko jingine lolote lenye msomaji na lenye kusudi. Tangazo la aina hii hubandikwa karibu na kaunta, au hukunjwa pamoja na taarifa ya akaunti, na wanaisimu wetu hulipita bila kulitazama. Hata hivyo, yamkini ndilo andiko la Kiswahili rasmi ambalo kosa lake humgharimu msomaji upesi kuliko kosa la andiko lolote lingine analolisoma kwa mwaka mzima.

Huduma tutakazozishughulikia ni mbili: ovadrafti na stendingi oda. Mahali tunapolisomea tangazo ni Garissa, na kwa jumla eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mwaka 2013, ambalo sasa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Tumelichagua eneo hili kwa sababu huko maneno kama deni, riba na hawala yana uzito ambao mtunga istilahi aliyeketi Nairobi au Dar es Salaam huweza kuusahau.

Haki ya mteja kuelezwa haina utata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Swali linalobaki ni la lugha yenyewe: je, visawe tulivyo navyo vinatoa habari hizo, au vinazifunika kwa maneno ya Kiswahili?

Ili tusimlenge mwenye benki yeyote, tumetunga wenyewe tangazo fupi kwa kufuata mtindo unaofahamika wa matangazo ya namna hii. Nalo ni hili:

"Mteja mpendwa, akaunti yako yaweza kupewa ziada ya kutoa kupita salio. Riba na ada zitatozwa kama ilivyo kawaida. Pia waweza kuweka hawala ya kudumu, ambapo fedha zitakatwa kila mwezi."

Mwalimu wa sarufi hatapata la kusahihisha hapa. Upatanisho umekaa sawa, na hakuna neno hata moja lililoachwa katika Kiingereza. Lakini tangazo hili halimwambii msomaji mambo mawili ambayo ndiyo kiini cha habari: kwamba anakopa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye amri ya kulipa. Hoja yetu ni kwamba kisawe cha istilahi ya benki kipimwe kwanza kwa kuuliza kama kinamtaja mdai, mdaiwa na mwenye amri. Kipimo cha usanifu na cha ufupi kije baadaye.

Msomaji wa Garissa na maneno anayokuja nayo

Wakazi wengi wa eneo hili ni Wasomali. Kando ya Mto Tana wako pia Wapokomo na Wamunyoyaya, na katika Ijara wako Waboni. Kwa walio wengi, Kiswahili ni lugha ya pili waliyoipata shuleni, sokoni, au katika ofisi za serikali. Mwuza mifugo anayepatana bei na mnunuzi kutoka bara hukitumia kwa wepesi mkubwa. Lakini wepesi huo ni wa mazungumzo. Hatuwezi kudhani kwamba amezizoea istilahi zilizotungwa katika kamati.

Msomaji huyu, hata hivyo, ana mtaji ambao msomaji wa bara mara nyingi hana. Kisomali na Kiswahili vyote vimekopa kutoka Kiarabu maneno mengi ya biashara na sheria. Deni, riba na hawala ni maneno ambayo Msomali anayafahamu kwa sura zinazokaribiana sana na zetu. Zaidi ya hayo, yamemfikia kupitia madrasa na mawaidha ya msikitini, na kwa hiyo yana mipaka ya kisheria ambayo ni dhahiri kwake. Anaposikia deni, anajua kuna mtu wa kulipwa na kwamba deni humfuata mtu hata kaburini, likawa juu ya mali aliyoiacha. Anaposikia riba, anajua ametajiwa jambo lililoharamishwa.

Mtunga tangazo ana daraja, basi, lililokwisha kujengwa. Lakini daraja hilo lina mbao mbovu mahali pamoja au pawili, kwa sababu si kila neno lenye asili moja limebaki na maana moja katika lugha zote mbili. Neno hawala, lililotumika katika tangazo letu, ndilo mfano mkubwa, nasi tutalirudia.

Ovadrafti na kisa cha neno "ziada"

Kabla ya kukitafutia kitu jina, tukieleze kitu chenyewe. Mteja ana akaunti yenye shilingi 4,000. Anatoa, au anamlipa mtu kwa hundi, shilingi 6,000. Benki inakubali kulipa. Shilingi 2,000 zilizopungua zimetoka mfukoni mwa benki, na tangu siku hiyo mteja anadaiwa. Deni hilo huhesabiwa riba kila siku hadi litakapolipwa, na fedha yoyote inayoingia katika akaunti hulipunguza deni kwanza. Aghalabu kuna kikomo kilichokubaliwa kwa maandishi. Mteja akikipita, benki yaweza kukataa kulipa, au kulipa kwa masharti magumu zaidi.

Ukiyatazama maelezo hayo utaona kwamba jambo lina sura mbili. Kwa upande wa mteja, ni kutoa kupita kiasi alichoweka. Kwa upande wa benki, ni kukopesha. Kiingereza kilichagua sura ya kwanza katika kuunda jina, na watafsiri wetu wengi wameifuata njia hiyohiyo bila kujiuliza kama ndiyo inayomfaa msomaji wao. Ndiyo maana tunapata mafungu kama "kutoa kupita salio", "utoaji wa kupindukia" na "ziada ya kutoa".

Fungu la mwisho ndilo baya kuliko yote. Katika Kiswahili ziada ni kile kinachobaki baada ya haja kutimizwa, au kinachoongezwa juu ya haki ya mtu. Mnunuzi akiongezewa sukari baada ya kupimiwa, hiyo ni ziada. Mteja anayeambiwa kwamba akaunti yake imepewa ziada ana kila sababu ya kufikiri kwamba ametunukiwa kitu. Hapa neno halikukosa kueleza tu. Limesema kinyume cha jambo, maana linaita faida kile ambacho ni upungufu.

"Utoaji wa kupindukia" lina kasoro nyingine. Kupindukia ni kuvuka mpaka, na mara nyingi lawama huambatana na neno hilo. Linamfaa mteja aliyevuka kikomo bila idhini, lakini halimfai yule aliyetia sahihi mapatano na anayekopa kwa haki yake. Tena halitaji deni. Mtu huweza kupindukia katika matumizi ya fedha zake mwenyewe bila kudaiwa na yeyote.

Njia ya pili ni kulikopa neno na kuliandika kwa tahajia yetu: ovadrafti. Hatuipuuzi njia hii. Benki yenyewe, akaunti, hata karani, ni maneno ya kukopwa yanayotufaa kila siku. Lakini neno la kukopwa hueleweka pale kitu kinapojulikana kabla ya jina lake, au kinapoonekana kwa macho. Ovadrafti haionekani. Mteja huijua kwa mara ya kwanza kupitia jina, na jina lisiposema kitu, hulazimika kumtegemea karani aliyepo zamu siku hiyo.

Iko njia ya tatu, ambayo Kenya imeishuhudia kwa mapana. Mwezi Januari mwaka 2019 kampuni ya Safaricom, ikishirikiana na benki, ilianzisha huduma ya ovadrafti katika M-Pesa na kuiita Fuliza. Jina hili ni la Kiswahili halisi. Vitenzi fuliza na fululiza vina maana ya kuendelea kufanya jambo bila kukatiza. Kama jina la bidhaa, ni uteuzi wa ustadi: ni fupi, linatamkika kwa urahisi, na linamwambia mtumiaji kwamba malipo yake hayatakwama njiani. Limeenea hata watu husema "nimefuliza" wakiwa na maana ya kulipa kwa fedha wasizokuwa nazo.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza jina hilo linasema nini na linanyamazia nini. Linasema hali ya mtumiaji wakati wa kulipa, yaani kutokatizwa. Linanyamazia hali yake baada ya kulipa, yaani kudaiwa. Kadhalika, gharama ya huduma hiyo hutajwa kuwa ada: iko ada ya kuipata na ada ya kila siku kwa deni lililobaki. Neno riba halisikiki. Kama ada inayoongezeka kadiri siku zinavyopita juu ya fedha zilizokopwa ni riba au siyo, ni suala la mafakihi, na makala haya hayana mamlaka ya kulikata. Mwanaisimu anachoweza kusema ni kwamba jina lililochaguliwa halimfikishi msomaji kwenye swali hilo. Mwislamu wa Garissa ambaye angetaka kuliuliza hana neno la kumzindua.

Sisi tunapendekeza kwamba tangazo lishike sura ya pili ya jambo, yaani ile ya kukopesha, na kuita ovadrafti "deni la akaunti". Sababu zetu ni tatu. Kwanza, neno deni linaeleweka na kila mzungumzaji wa Kiswahili, na kwa msomaji wa Kisomali linapita kwenye lile daraja la Kiarabu bila kuyumba. Pili, fungu hili linazaa mafungu mengine kwa urahisi: tunapata "kikomo cha deni la akaunti", "deni la akaunti lililokubaliwa" na "deni la akaunti lisilokubaliwa", na tofauti zote zinazohitajika katika mapatano zinakaa mahali pake. Tatu, linaweza kuhamia katika sentensi ya kawaida. Benki ikimtumia mteja ujumbe usemao "Akaunti yako ina deni la shilingi 2,000", mteja haitaji kamusi. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa "ziada ya kutoa" na utaona inavyovunjika.

Yaweza kupingwa kwamba fungu hili ni pana mno, kwa kuwa mteja anaweza kuwa na mkopo mwingine katika benki ileile. Pingamizi hilo lina haki yake. Lakini mkopo wa kawaida hutolewa mara moja, kwa kiasi kilichotajwa, na hulipwa kwa awamu. Nao tayari unaitwa mkopo. Deni la akaunti hupanda na kushuka pamoja na salio. Tofauti hiyo itasimama ikiwa tangazo litakuwa na nidhamu ya kutumia kila neno kwa kitu kimoja tu.

Nidhamu hiyo inadaiwa vilevile na neno riba. Baadhi ya waandishi hupenda kuita riba fedha anayotozwa mteja, na kuita faida fedha anayolipwa mteja kwa amana yake, ingawa zote mbili huhesabiwa kwa namna moja. Katika masikio ya mfanyabiashara wa Kiislamu, faida ni pato la biashara na ni halali. Riba ni kitu kingine kabisa. Mwandishi anayeyabadilisha maneno haya ili sentensi ipendeze anambadilishia msomaji hukumu ya jambo.

Stendingi oda na swali la mwenye amri

Stendingi oda ni jambo jepesi kuliko ovadrafti. Mteja huiandikia benki: katika tarehe fulani ya kila mwezi, au kila juma, au kila muhula, mlipeni fulani kiasi fulani kutoka katika akaunti yangu, mpaka nitakapowaambia muache. Kiasi ni kile kile, mlipwaji ni yule yule, na amri ni ya mteja tangu mwanzo hadi mwisho.

Tangazo letu limeiita "hawala ya kudumu". Mwandishi amefuata kamusi, ambamo hawala huelezwa kuwa hati ya kuagiza fedha zilipwe, na zamani hawala ya posta ilikuwa kitu cha kawaida. Garissa, hata hivyo, neno hilo limeshashikwa. Hawala huko ni kampuni au wakala wa kupeleka fedha, ambaye kwake ndugu aliye Nairobi, Ghuba au Ulaya hupitisha msaada kwa jamaa zake. Ni neno lenye historia ya karibuni pia. Baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kupeleka fedha, na familia nyingi zikapoteza njia yao ya kupokelea riziki kwa muda. Anayesoma "hawala ya kudumu" katika mji huo ataelewa mpango wa kupeleka fedha ng'ambo au kuzipokea kutoka huko. Neno ni sanifu na mahali ni pabaya.

Kisawe kinachojulikana zaidi ni "agizo la kudumu". Ni bora mara nyingi, lakini kina mambo mawili ya kuangaliwa. Jambo la kwanza ni neno agizo. Katika Kiswahili cha magazeti na redio nchini Kenya, agizo aghalabu hutoka juu: agizo la rais, agizo la mahakama, agizo la waziri. Msomaji akikuta "agizo la kudumu katika akaunti yako" bila kutajwa mwagizaji, dhana ya kwanza yaweza kuwa kwamba mahakama au benki imeweka amri juu ya fedha zake. Jambo la pili ni neno kudumu. Kinachodumu hakikomi, ilhali sifa kubwa ya huduma hii ni kwamba mteja anaweza kuikomesha.

Mtu asije akadhani kwamba "kanuni za kudumu" litafaa badala yake, eti kwa kuwa Kiingereza hutumia jina moja. Kanuni za Kudumu ni zile zinazoongoza shughuli za Bunge, na katika lugha yetu zimekwisha kutengana na huduma ya benki. Hapa Kiswahili kimekuwa na bahati kuliko Kiingereza: tuna maneno mawili kwa vitu viwili, na itakuwa hasara kuyachanganya tena.

Tungeshauri "agizo la kudumu" lihifadhiwe, kwa kuwa limeanza kuota mizizi, lakini tangazo lisiliache peke yake. Liwe "agizo la kudumu la mteja" pale linapotajwa kwa mara ya kwanza, na sentensi inayofuata iseme jinsi mteja anavyolifuta. Maneno mawili ya nyongeza yanamrudisha mwenye amri mahali pake.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Tangazo linasema "fedha zitakatwa". Kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda ni chombo kinachopendwa na kila ofisi, nacho hapa kinaharibu tofauti ya mambo matatu. Mwalimu wa shule ya umma hujua kukatwa kama tendo la mwajiri: chama cha akiba na mikopo hupeleka orodha, na mshahara huja ukiwa umeshapunguzwa. Huko ni kukatwa kabla fedha hazijafika benki. Yako pia malipo ambayo mlipwaji mwenyewe, kwa idhini ya mteja, huidai benki kila mara kiasi kinachohitajika, na kiasi hicho huweza kubadilika. Hayo ndiyo dairekti debiti. Stendingi oda ni la tatu, ambamo mteja ndiye aliyetamka kiasi.

Tofauti hizi si za kinadharia. Makosa yakitokea, mteja anahitaji kujua aende mlango gani. Kama mwajiri ndiye aliyekata, benki haina la kufanya. Kama mlipwaji ndiye aliyedai kupita kiasi, idhini yake ndiyo ya kuondolewa. Kama ni agizo la mteja mwenyewe, barua yake moja kwa benki inatosha. Kiswahili kina uwezo wa kuyasema yote haya kwa vitenzi vitatu vya kawaida: mwajiri hukata, mlipwaji hudai, benki hulipa kwa agizo lako. Kinachohitajika ni kumtaja mtenda.

Pale huduma mbili zinapokutana

Matangazo mengi hueleza ovadrafti na stendingi oda katika aya mbalimbali, kama vitu visivyojuana. Katika akaunti halisi hukutana, na mkutano huo ndio unaoonyesha kwa nini visawe lazima viwe wazi.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Garissa ameiagiza benki imlipe mwenye nyumba shilingi 6,000 kila tarehe 5. Katika fomu aliyotia sahihi alipofungua akaunti, amekubali vilevile huduma iliyoandikwa ovadrafti, bila kuelezwa zaidi. Mwezi mmoja mshahara unachelewa hadi tarehe 8. Tarehe 5 salio lake ni shilingi 4,200. Benki inatekeleza agizo: inalipa 6,000, na akaunti inabaki na upungufu wa shilingi 1,800. Katika taarifa ya akaunti kiasi hicho huweza kuonekana kikifuatwa na herufi DR, ambazo kwa msomaji wa kawaida hazina maana yoyote, au zina maana ya daktari. Tarehe 8 mshahara unaingia na deni linalipwa.

Tukichukulia riba ya asilimia 15 kwa mwaka, deni la shilingi 1,800 kwa siku tatu linazaa riba ya shilingi 2 na senti 22. Mtu wa mahesabu atauliza kelele zote hizi ni za nini, ikiwa gharama yenyewe haitoshi kununua hata peremende chache. Lakini kwa mwalimu wetu ukubwa wa kiasi haukuwa swali kamwe. Alikuwa amejiepusha na riba maisha yake yote, na sasa ameilipa bila kujua, kwa sababu ya kodi ya nyumba. Kama aliambiwa mapema kwamba akaunti yake inaruhusiwa kuingia deni lenye riba, angeweza kukataa. Agizo lake lingerudishwa bila kulipwa, pengine angetozwa ada ya kurudishwa, naye angemwendea mwenye nyumba kumwomba siku tatu. Huenda angeihamisha akaunti katika benki inayofuata sharia. Benki mbili za kwanza za namna hiyo kikamilifu nchini Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank, zilianza kazi mwaka 2008. Huenda pia angeamua kuendelea kama alivyo. Uamuzi wowote kati ya hiyo ungekuwa wake. Tangazo lililosema "ziada" lilimnyang'anya uamuzi huo.

Kwa hiyo tangazo linaloeleza agizo la kudumu halijakamilika mpaka liseme litakalotokea siku ambayo salio halitoshi. Sentensi hiyo moja ndiyo inayokosekana mara nyingi, na hukosekana kwa sababu mtafsiri amepewa orodha ya maneno badala ya kupewa tukio la kueleza.

Tangazo lililoandikwa upya

Tukiyatia maamuzi yetu pamoja, tangazo lile laweza kuandikwa hivi:

"Ndugu mteja. Deni la akaunti: ukitoa au ukilipa fedha zaidi ya salio lako, benki inaweza kukulipia kiasi kilichopungua. Kiasi hicho ni deni, na benki hutoza riba kwa kila siku ambayo hujalipa. Katika fomu zetu huduma hii inaitwa ovadrafti. Usipoitaka, tuandikie, nasi hatutakulipia zaidi ya salio lako.

Agizo la kudumu la mteja: wewe unaweza kuiagiza benki imlipe mtu kiasi kile kile katika tarehe utakayochagua. Katika fomu zetu huduma hii inaitwa stendingi oda. Unaweza kulifuta agizo lako wakati wowote kwa kutuandikia. Ikiwa siku ya kulipa salio lako halitoshi na umeikubali huduma ya deni la akaunti, benki italipa, nawe utadaiwa kwa riba. Ikiwa hukuikubali, benki haitalipa, na utatozwa ada ya agizo lililorudishwa."

Maneno yameongezeka maradufu na zaidi. Hatuoni kuwa ni kasoro, kwa maana ufupi wa tangazo la kwanza ulipatikana kwa kuacha habari. Angalia pia kwamba majina ya kukopwa hayakufutwa. Yametajwa mara moja moja, na katika tangazo lenyewe yafaa yaandikwe kwa herufi zile zile zilizochapwa kwenye fomu. Mapatano anayotia sahihi mteja kwa kawaida yako katika Kiingereza, na mahakama itayasoma hayo kabla ya kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Kisawe kizuri kisichomwezesha mteja kukipata kifungu husika katika fomu yake kinamwacha nusu ya njia.

Mipaka ya pendekezo hili

Inatupasa kukiri kwamba tangazo la maandishi haliwafikii wote. Wako wateja wasiosoma, na wako wanaosoma Kiswahili kwa shida. Huko karani au jamaa hulisoma kwa sauti na kulifasiri kwa Kisomali papo hapo. Hili linatupa kipimo cha mwisho, ambacho tungependa wenzetu wakijaribu: mpe mzungumzaji wa lugha zote mbili sentensi ya tangazo, aifasiri kwa mdomo, kisha mtu wa pili aliyesikia Kisomali tu aeleze kwa Kiswahili alichoelewa. Kama deni limerudi likiwa deni, na mwenye agizo amerudi akiwa mteja, kisawe kimefaulu. Kama deni limerudi likiwa zawadi, kamati ianze upya.

Kipimo hiki hakiwezi kufanyika katika ofisi ya watunga istilahi peke yao. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, mwaka ule ule benki za huko zilipotaifishwa, kazi kubwa ya istilahi za fedha imefanywa kwa kuanzia na orodha za Kiingereza. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na imetupa maneno tunayoyatumia hata leo. Lakini orodha haina msomaji. Neno hawala linakaa vizuri katika orodha, na ziada pia. Ni pale tu maneno hayo yanaposomwa na mtu wa Garissa mwenye akaunti, mwenye mshahara unaochelewa na mwenye dhamira yake kuhusu riba, ndipo tunapoona lipi limebeba maana na lipi limeificha.